Imeli ya Mama Mmoja wa Vyombo

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana mpole huko mbele. Hasira hizo hizo ndizo zilizonifanya niifute imeli ya bosi, na kama ningekuwa mtu wa kuvumilia upuuzi kidogo, labda wale mama wawili wangekuwa bado wanakaa pamoja kwenye fremu yao ya duka.

Ofisi yetu iko Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la nyaya na taa. Tunakusanya mizigo ya wafanyabiashara wadogo kule China, tunaipakia pamoja kwenye kontena moja, ikifika bandarini tunaitoa na kila mtu anachukua chake. Mtu mwenye katoni chache hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo anachangia na wenzake. Mimi niliajiriwa kutafuta wateja wapya. Watu wa Kariakoo wanaishi kwenye WhatsApp, hilo linajulikana, lakini anayeagiza vitu nje lazima awe na imeli, maana kiwanda kinamtumia hati za mzigo huko. Kwa hiyo bosi aliamini tuwafuate huko huko.

Imeli yake ilianza hivi: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora za usafirishaji." Tunamwongoza nani, jamani? Tulikuwa kachumba kamoja na feni inayolia. Halafu aliituma kwa watu wote kwa mpigo, kila mmoja anaona anuani za wenzake, na chini ameambatanisha kipeperushi kizito cha kumaliza bando la mtu. Hakujibu mtu, ila mmoja aliyeandika, "Naomba mnitoe humu."

"Bosi," nilimwambia, "hii hata mimi ningeifuta."

"Basi andika yako, mjuaji," akasema. Hakukasirika. Ni mtu wa kucheka na tumbo lake. "Tuone hao watakaokujibu."

Nilijua ya kuandika, na nitaeleza nilikoyajulia. Nilikuwa na kawaida ya kwenda kwenye fremu moja ya vyombo huko Kariakoo, wateja wetu. Fremu ilikuwa ya mama wawili. Mmoja alikaa mbele anaongea na wateja, mwingine alikaa nyuma katikati ya maboksi, anahesabu, anachagua, anaagiza. Mtaa mzima uliwaita Mama wa Mbele na Mama wa Nyuma, na wao wenyewe waliitikia. Wote watu wa kusini, mmoja Lindi, mwingine upande wa Masasi. Mmoja akienda kuswali, mwenzake analinda duka. Jumapili mwenzake akiwa kanisani, huyu analinda. Walianza na beseni chini, wakapanga meza, wakapata fremu. Kwa maneno tu, bila karatasi. Mzee mwenye jengo, Mhindi mmoja mstaarabu sana, aliwajua wote wawili na aliwaita "binti zangu" ingawa walikuwa watu wazima wenye wajukuu.

Sasa Mama wa Mbele alikuwa na namna yake ya kuuza. Mteja akishika chupa ya chai, yeye hasemi chupa hii ni bora. Anasema, "Hiyo kuna mama aliipeleka msibani Mbagala, kaijaza alfajiri, jioni wanamimina bado inaunguza midomo." Basi. Anageuka, anafuta sufuria. Mteja mwenyewe anaanza kuuliza. Nilisimama pale mara nyingi nikishangaa. Yule mama wa msibani ndiye aliyekuwa anauza chupa.

Nikasema moyoni, kwa nini imeli isiwe hivyo? Anza na mtu. Mtu anayefanana na huyo unayemwandikia, wa kazi yake, wa ukubwa wake, aliyepatwa na jambo analoliogopa hata yeye. Sentensi chache tu. Usijisifu. Mwishoni uliza swali dogo analoweza kulijibu akiwa amesimama. Na kila mtu umwandikie peke yake, umchagulie mfano wa kumfaa, maana muuza viatu hana shida na habari za dawa.

Mfano nilikuwa nao, wa hao hao mama zangu. Kabla hawajaja kwetu walikuwa na wakala mwingine. Waliagiza glasi na chupa za chai za kuuza Ramadhani, mwezi ambao watu wa vyombo wanauza kuliko mwaka mzima. Mzigo wao ulikuwa safi. Lakini mtu mmoja waliyechangia naye kontena alipakia vitu ambavyo hakuviandika kwenye hati zake. Kontena zima likazuiwa bandarini. Glasi zao zikakaa humo ndani mfungo wote, Idi ikaja, Idi ikapita. Walipozipata, hakuna aliyekuwa na haja na glasi.

Ndipo wakaja ofisini kwetu. Mama wa Mbele alisalimia, akatania, akamsifia bosi shati. Mama wa Nyuma hakusema kitu mpaka bosi alipomaliza kutaja bei na siku za safari. Ndipo akauliza swali moja, kwa sauti yake ile ya chini:

"Nitapakiwa na nani?"

Hakuna mteja aliyewahi kuuliza hivyo. Watu huuliza bei, huuliza lini. Siku hiyo hiyo bosi aliamua tuanze kukagua hati za kila mmoja kabla kontena halijafungwa kule China, na asiyenyooka mzigo wake usipande. Huduma yetu yote tuliyojivunia baadaye ilitoka kwenye kinywa cha yule mwanamke.

Nilipoandika mara ya kwanza niliandika ukweli wote. "Mama wawili wa vyombo." Weee! Ilinitoa jasho. Mmoja wao alisema, mwenzake akauliza, yule waliyechangia naye, huyu wa kwanza, yule wa pili. Msomaji angehitaji karatasi na kalamu kufuatilia nani ni nani. Imeli ya namna ile ina nafasi ya mtu mmoja, ambaye anayesoma anajiona yeye. Nikikuletea wawili, unakuwa mtazamaji. Hilo nililijua na sikukosea, mpaka leo nasema sikukosea.

Nikaenda dukani kuomba ruhusa, maana habari ya mteja huitumii kama yako hata ukificha jina.

"Shikamooni."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kununua au kutuangalia tu?" Huyo Mama wa Mbele.

Nikawaeleza. Nikawaambia sitataja majina wala mtaa, nitasema tu mama wa vyombo wa Kariakoo. Mama wa Mbele alifurahi, akapiga kofi. "Tumekuwa watu wa kuandikwa sasa! Haya andika."

Mama wa Nyuma alikuwa anafungua katoni kwa kisu. Hakuinua kichwa. "Mimi niache," akasema. "Sitaki midomo ya watu. Ukisikika tu umepata, kesho kichwa kinauma, keshokutwa mguu."

"Basi niandike mimi," Mama wa Mbele akacheka. "Mimi nimeshazoea kusemwa, wamesema mpaka wamechoka."

"Sawa," nikasema. Nikasema sawa upesi kabisa. Moyoni nilishukuru, kwa sababu alikuwa amenitatulia shida yangu ya sentensi. Nilirudi ofisini nikaandika ikatoka kama maji:

"Habari za kazi. Mama mmoja wa vyombo hapa Kariakoo aliagiza glasi za kuuza Ramadhani. Mzigo wake ulikuwa sawa, lakini mtu aliyechangia naye kontena alificha vitu, na kontena zima likazuiwa bandarini mpaka sikukuu ikapita. Alipokuja kwetu hakuuliza bei. Aliuliza, 'Nitapakiwa na nani?' Tangu siku hiyo hatufungi kontena kabla ya kukagua hati za kila aliyemo, na mizigo yake haijakwama tena kwa kosa la mtu mwingine. Je, na wewe unachangia kontena? Nikueleze tunavyokagua?"

Juu niliandika tu, "Glasi zilizokosa Ramadhani." Sikuambatanisha kitu. Sikusema tunaongoza.

Wengi hawakujibu, tusidanganyane. Lakini waliojibu hawakujibu kama watu wanaouziwa kitu. Walijibu kwa habari zao. "Hata mimi iliwahi kunikuta, nilikuwa na mabegi ya shule." "Sisi ilikuwa vitambaa, tena msimu wa harusi." Mtu akishakueleza yaliyomkuta, mnakuwa mmeshaanza kuzungumza. Bosi alikuja nyuma ya kiti changu, akasoma, akatikisa kichwa. "Umeua," akasema. Akanunulia ofisi nzima chapati.

Mmoja wa waliojibu alikuwa mtoto wa yule mzee mwenye jengo. Mzee alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua, mambo ya jengo kamwachia kijana, na kijana mwenyewe alikuwa anaagiza mabomba na masinki. Aliandika, "Huyu mama si yule wa kwenye jengo letu?" Sikumjibu mpaka nilipomuuliza Mama wa Mbele. "Mwambie ndiyo, ni mimi," akasema. Nikamwambia ndiyo, ni yeye. Kijana akawa mteja wetu, na mteja mzuri.

Wengine walitaka kuhakikisha kwanza, wakasema wampate mwenyewe wamuulize. Bosi akawa anawapeleka dukani, kwa idhini ya Mama wa Mbele. Basi pale mbele ya duka pakawa na kigoda cha wageni. Mama wa Mbele anasimulia, na mnajua alivyo na mdomo mtamu. Mwanzoni alikuwa anasema "tuliagiza," "tukakwama," "tukauliza." Siku zilivyokwenda nikasikia "niliagiza." Baadaye nikasikia "nikawaambia, jamani, nitapakiwa na nani?" Na anaisema kwa sauti ya chini, ya Mama wa Nyuma kabisa, na mgeni anatikisa kichwa kwa heshima.

Mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni utani wa dukani. Anayesimulia jambo kila siku lazima aliremberembe kidogo, hata mimi naliremba.

Ikaja siku nikampeleka mteja mwingine, mwanamke wa vifaa vya saluni. Mama wa Mbele anasimulia, Mama wa Nyuma akatokea ndani amekumbatia katoni, jasho linamtiririka. Mteja akageuka, akasema kwa adabu tu, hakuwa na baya, "Samahani, huyu msaidizi wako anaweza kunionyesha zile glasi za juu?"

Nikamwangalia Mama wa Mbele. Nilingoja aseme, huyu siyo msaidizi, huyu ni mwenzangu. Ni maneno ambayo hayachukui hata pumzi moja. Hakusema. Alisema, "Mletee zile zenye mkono." Na Mama wa Nyuma akaweka katoni chini, akapanda ngazi, akazileta.

Mimi pia sikusema. Mimi mwenye hasira za karibu, ninayegombana na konda kwa shilingi hamsini, siku ile ulimi ulikufa ganzi. Nilikuwa na mteja mpya pembeni yangu na sikutaka kumharibia hadithi.

Haukupita muda mrefu kijana wa jengo akataka mambo ya fremu yawe kwa maandishi. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma mambo ya biashara, na baba yake alimwachia jengo zima linaloendeshwa kwa salamu na kukumbukana. Akaandika mikataba, fremu kwa fremu. Kwa ile ya vyombo aliandika jina la mtu anayemjua. Na aliyekuwa anamjua ni yule wa kwenye imeli. Mama wa Mbele akasaini.

Mama wa Nyuma alikuja ofisini kwetu mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Hakuwahi kuja peke yake tangu siku ile ya kwanza. Nikaruka kumpa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akakaa. Alikuwa amefunga kitenge vizuri na amevaa viatu vya kutokea. Hivyo viatu viliniambia kwamba alijiandaa kuja. "Fremu ina karatasi sasa," akasema. "Mimi simo."

"Humo kivipi? Mama wa Mbele anasemaje?"

"Anasema ni karatasi tu, tutarekebisha. Jana alisema hivyo. Juzi alisema hivyo."

Nikaanza kubwata, nikamwita mwenzake majina ambayo siyarudii hapa. Alininyamazisha kwa mkono tu.

"Usimtukane. Tumezikiana wazazi mimi na yeye." Akanyoosha kitenge magotini. "Nimekuja kukuuliza wewe. Ile siku nilipokwambia uniache. Mbona ulikubali?"

"Mama, si ulisema hutaki?"

"Nilisema. Mtu akiambiwa karibu chakula si anasema nimeshiba? Wewe unamwambia haya, na unatoa sahani? Si unambembeleza, mwanangu? Nilidhani utasema, aa mama, bila wewe haipo. Ungesema mara moja tu."

Nimezaliwa Ilala, nimelelewa na bibi ambaye humtoi kwenye kiti chake bila kumsihi, najua kabisa kwetu kukataa kwa mara ya kwanza si kukataa. Lakini siku ile nilikuwa nimeingia dukani na sentensi zangu kichwani, na jibu lake lilinifaa. Nikalichukua kama lilivyo. Uchungu niliousikia pale, mbele ya yule mama aliyevaa viatu vya kutokea, sijausikia tena hata kwa mambo makubwa zaidi.

Nilimwambia niachie mimi, nitalinyoosha. Nikapanda kwa kijana wa jengo siku hiyo hiyo. Alinikaribisha chai.

"Dada," akasema baada ya kunisikiliza, "mimi umeniandikia wewe mwenyewe. Mama mmoja wa vyombo. Nikakuuliza, ukanijibu ndiyo, ni huyu. Sasa leo wamekuwa wawili?"

"Walikuwa wawili siku zote. Mzee wako anajua."

"Mzee anajua mengi, hajaniandikia hata moja." Alisema bila dharau. "Sikiliza, mimi sina shida. Aliyesaini akija mwenyewe akasema ongeza mwenzangu, naongeza hapo hapo. Ila siwezi kubadilisha mkataba wa mtu kwa maneno ya mtu wa tatu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikateremka hadi dukani. Mama wa Mbele alikuwa anafuta sufuria. Nikamwambia twende juu, ni ngazi tu, tukaongeze jina, dakika chache tumemaliza.

"Kwa nini unanikimbiza kama mwizi?" akasema. "Nani amekwambia namdhulumu? Yeye si alikataa mwenyewe? Ulikuwepo, nilikuwepo. Alisema mimi niache. Ningemlazimisha?"

"Alikataa kuandikwa kwenye imeli, mama. Hakukataa fremu."

Alifuta ile sufuria mpaka ikawa inamwonyesha uso wake. "Kesho," akasema. "Leo kuna wateja."

Sidhani alikuwa amepanga kumtoa mwenzake. Nimefikiri sana juu yake, na simwoni kama mtu mwovu. Naona alikuwa amesimulia ile habari mara nyingi, kwa watu wengi, mpaka akaiamini. Mle ndani mlikuwa na mama mmoja. Na kila alipotaka kwenda juu kusema tuko wawili, ilibidi kwanza aseme kwamba lile swali halikuwa lake. Hiyo ndiyo ngazi aliyoshindwa kuipanda. Kesho ikawa kesho nyingine.

Mimi nikaiacha ile imeli. Nikamwambia bosi siitumi tena. Aliguna, lakini aliponisikiliza yote hakubisha. Akavua miwani, akasugua macho. "Andika nyingine basi," akasema. "Yenye haki." Nikakaa nikaandika. Safari hii wawili, mmoja anayeongea na mmoja anayeona. Ikawa ndefu, ikawa nzito, lakini swali nililirudisha kwa mwenyewe. Nilitaka kuituma kwa wote waliopata ya kwanza, na kwa kijana wa jengo kabla ya wote.

Nikampelekea Mama wa Nyuma aisome. Wakati huo walikuwa wameshagawana. Hawakugombana, hakuna jirani aliyesikia sauti. Walipanga vyombo sakafuni, hiki changu hiki chako, kama watu wanaogawa urithi wa mtu aliyekufa, na yeye akachukua vyake akahamia kwa dada yake, akawa anauza nyumbani kwa majirani. Nilimkuta barazani. Alisoma kwenye simu yangu, polepole, mdomo unacheza. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena pale palipomhusu. Nikaona uso wake unalainika. Nikasema, hapa nimepona.

Akanirudishia simu. "Nzuri," akasema. "Usiitume."

Safari hii nilimbembeleza. Nilimbembeleza kweli kweli, nikapiga magoti kwenye baraza la watu. Nikasema mama nakuomba, mama bila wewe haipo, maneno yote aliyoyataka nikayatoa. Aliniacha nimalize.

"Ukiituma leo, watasema nalilia fremu," akasema. "Ile siku ingekuwa heshima. Leo ni malalamiko. Inuka mwanangu, unachafua gauni."

Nikainuka. Nilipokuwa naaga akaniita.

"Kuna mzigo wetu bado uko majini. Ule wa glasi. Nilichagua mimi, kabla ya haya. Upo kwa jina lake na sitaki kuudai, umalizike huko huko. Ila ukifika, nipigie. Nataka nijue kama zimefika nzima."

Kontena lilifika, likatoka bandarini bila tatizo, maana kila aliyekuwemo tulikuwa tumemkagua. Mama wa Mbele alikuja kwenye ghala letu kuchukua katoni zake na mtu wa mkokoteni. Nilimsalimia kwa midomo tu. Tukafungua katoni ya kwanza pamoja, kama tunavyofanya kwa vitu vya kuvunjika. Glasi zilikuwa zimefungwa moja moja, kila moja kwenye karatasi yake, na kati ya safu na safu pamewekwa kadibodi. Alitoa moja akainyanyua kwenye mwanga. Ilikuwa na maua madogo ya bluu pembezoni. Aliishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua glasi.

"Zote nzima?" nikauliza.

"Zote." Halafu, bila kuniangalia, "Namjua, lazima alikuomba umpigie. Mpigie. Simu yangu hapokei."

Nikapiga pale pale.

"Zimefika, mama. Hakuna iliyovunjika."

Nilisikia anashusha pumzi. "Maua ni ya bluu?"

"Ya bluu."

"Walitaka kuniletea nyekundu, nikakataa. Nyekundu zinachujuka, mtu akiosha mara chache anarudisha lawama dukani." Nyuma yake kuku walikuwa wanagombana. "Mwambie asizipange juu kabisa, azipange usawa wa macho ya mteja. Haya mwanangu. Ahsante kwa kunipigia."

Akakata. Mama wa Mbele alikuwa bado amesimama mbele yangu, glasi mkononi, macho yametua mdomoni mwangu.

"Amesemaje?"

"Amesema uzipange usawa wa macho."

Aliitikia kwa kichwa, akaifunga glasi kwenye karatasi yake, akairudisha kwenye katoni. Aliifunga vibaya. Nikaichukua, nikaifunga upya.